Safu ya Masikio

Mama Pasi hakuwa mtu wa kubembeleza nguo. Shati likija na kola iliyosinyaa, alilinyunyizia maji, akalikandamiza mpaka likasalimu amri, huku akilisemesha kama mtoto mtundu: "Leo utanyooka tu, utake usitake." Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, kimetazama barabara, na kilinuka wanga na mvuke. Wateja walimpenda kwa pasi yake, wakamwogopa kwa ulimi wake. Hakuna aliyewahi kumwona amekosa neno. Kwa hiyo binti yake alishangaa alipoingia na simu mkononi, akasoma ujumbe, na mama mtu akabaki na pasi hewani, mdomo wazi.

"Wanakuja," binti alirudia. "Wifi na mtoto. Mwezi ujao. Watakaa siku chache, kisha waendelee na safari yao."

"Mtoto gani?"

"Mama! Mtoto wa kaka. Kwani una wajukuu wangapi wewe?"

Alikuwa naye huyohuyo mmoja, na hakuwahi hata kumgusa. Mwanawe wa kiume aliondoka kijana kwenda ng'ambo, akaoa hukohuko, akazaa hukohuko, na mwaka juzi akafia hukohuko. Habari ya ugonjwa na habari ya kifo zilifika pamoja, asubuhi moja, kwa simu moja. Mwenyewe alikuwa amekataza mama yake asiambiwe kwamba anaumwa, asije akahangaika bure. Mama Pasi anapata habari, mwanawe keshazikwa. Tangu siku hiyo neno "bure" alilichukia kama mtu aliyemtukana.

"Soma tena hapo mwisho," alisema.

Binti akasoma. Mkwe alikuwa ameandika kwamba mtoto amekuwa akimuulizia sana mama wa baba yake. Basi waonane kwanza. Wakielewana, mtoto akipenda, atakuwa analetwa kila likizo ndefu ya shule. Asipopenda, hatalazimishwa.

"Kwa hiyo nimewekwa sokoni," Mama Pasi alisema. "Mtoto aje anibonyezebonyeze kama parachichi, akiniona sijaiva aniache."

"Mama, ndivyo walivyo. Wanawauliza watoto."

"Na atanipenda kwa lugha gani? Mimi hata salamu yao siijui."

"Si tutatumia simu? Unasema kwa huku, inatoka kwa kule."

Mama Pasi akairudisha pasi mezani polepole. "Mwanangu nimemzika kwa simu," alisema. "Mwanawe akiketi mbele yangu, atasikia mdomo huu."

Binti akairudisha simu mfukoni, maana alijua mahali pa kukomea.

*

Nyuma ya duka la kutoa fotokopi kulikuwa na chumba, na ndani ya chumba hicho aliishi mzee mmoja mwembamba ambaye mtaa mzima ulimwita Mkalimani. Alikuwa ametafsiri bandarini, kwenye mashamba, kwenye majengo yasiyokwisha, hospitalini, na mara moja mahakamani, ambako alitafsiri matusi ya mlalamikaji kwa adabu nyingi hata hakimu akauliza watu wenye heshima namna hii walipigania nini. Shule alisoma vipandevipande, alichokosa akaokota njiani. Lugha ya mkwe aliijua vizuri, na kwa utani aliiita Kikwao.

"Mwezi mmoja?" alisema, akikuna kidevu. "Mama Pasi, kwa mwezi mmoja sikupi lugha. Nakupa njia ya kupita ndani yake bila kuanguka."

"Nipe hiyo njia."

"Sina kitabu."

"Hata mimi sina macho ya kitabu."

Mkalimani akacheka, akamvutia kiti. Kisha akamweleza jinsi anavyofundisha. Hatampa sentensi za paka kukaa juu ya meza. Kila siku Mama Pasi ataleta sentensi zake mwenyewe, chache, zile anazotaka kweli kumwambia mjukuu. Kwanza atazitafsiri peke yake kwa maneno aliyonayo, hata akiboronga, ndipo mwalimu azisahihishe. Sentensi iliyomshinda itarudi kesho yake. Iliyokaa sawa itapumzishwa siku kadhaa, kisha irudi kumjaribu, na ikisimama tena, itapumzika zaidi. Makosa ndiyo yatakayosema somo la kesho. Akishindwa kusema mambo ya jana, kesho wanashughulikia mambo ya jana. Akishindwa kuuliza, kesho ni maswali tu.

"Kwa hiyo mpango wa mwezi naupanga mimi," alisema Mama Pasi.

"Unaupanga kwa kukosea. Mimi naandika tu."

Akabandika ukutani karatasi kubwa aliyoichora safu nne, moja kwa kila wiki. Ya kwanza aliandika juu yake *Maneno ya karibu*. Ya pili, *Jana na kesho*. Ya tatu, *Masikio*. Ya nne, *Bila karatasi*. Chini ya kila safu paliachwa patupu, pangojee sentensi.

Mama Pasi alianza siku ileile. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa "Mimi ni bibi yako." Ya pili, "Njoo nikuone." Ya tatu ilimtoa Mkalimani jasho: "Karibu, mke mwenzangu."

"Hiyo haiendi," alisema.

"Haiendi vipi? Si mjukuu wangu wa kike? Nitamtania na nini?"

"Ukimwambia hivyo kwa Kikwao, mama yake atawaita polisi."

Walicheka mpaka mwenye fotokopi akagonga ukuta. Mama Pasi akabadilisha: "Karibu, mrembo kuliko mimi." Hiyo ilienda.

Tangu hapo chumba cha pasi kikageuka darasa. Akinyoosha mkono wa shati, sentensi. Akigeuza kola, sentensi. Wateja walikuta anasemesha suruali Kikwao. Mwalimu wa shule ya jirani, aliyeleta makoti yake kila Ijumaa, alimuuliza kama ameokoka au amerogwa. "Nimepata mjukuu," akajibiwa.

Na sentensi zilitoka kwake kweli, hazikuazimwa kwa mtu. Alileta "Baba yako alikuwa mkaidi kama wewe." Alileta "Alipokuwa mdogo alilala chini ya meza hii ya pasi, kwa ajili ya joto." Hiyo ilimshinda mara nyingi, ikawa inarudi kila siku, kwa sababu mambo ya zamani yalimtatiza ulimi, na Mkalimani akalazimika kuongeza siku katika safu ya pili. Alileta "Kazi yangu ni pasi, kazi ni nyingi, sipati nafasi ya kutoka," maana alitaka mtoto ajue bibi yake si mtu wa kukaa bure. Alileta "Kula, mwanangu, usibakishe." Alileta "Ndiyo, ndiyo kabisa," ambayo ilimpendeza kwa mlio wake, akaitumia hata kwa wauza mkaa.

Binti yake alikuwa akisikiliza jioni, amekunja miguu kitandani, akichezea simu. Siku moja akasema, "Mama, unasema vizuri. Nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Na yeye akisema?"

"Akisema nini?"

"Si ndiyo nauliza. Hujui atasema nini. Hizo zote ni za kwako. Za kwake ziko wapi?"

"Mtoto wa miaka minane ana nini cha kusema? Atasema ana njaa, atasema anataka kulala. Hayo yanaonekana usoni."

"Haya," binti alisema. "Mimi nimenyamaza."

"Wewe hujawahi kunyamaza tangu uzaliwe."

Lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

*

Safu ya Masikio ilipofika, Mkalimani alifuta meza, akakaa wima, akajipa sura nyingine kabisa. "Leo hakuna sentensi yako," alisema. "Leo mimi ni mjukuu. Nasema Kikwao, nasema kama mtoto, wewe unanirudishia kwa lugha yetu. Usipoelewa, kuna maneno mawili ya kuniambia." Akamtajia kwa Kikwao *sielewi* na *sema polepole*.

Mama Pasi akakaa chonjo.

Mkalimani akaanza. Maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka, yameungana, hayana mwanzo wala mwisho. Mama Pasi alinasa neno moja, akaling'ang'ania, na alipokuwa bado amelishika mengine yakawa yamempita. Akaomba arudie. Akarudia. Akanasa neno lilelile.

"Sasa nimesema nini?" Mkalimani aliuliza.

"Umesema… bibi."

"Nimesema: bibi, kwa nini mlango wa jirani umevunjika?"

"Huyo mtoto anauliza milango ya watu ya nini?"

"Watoto huuliza. Twende nyingine."

Nyingine ikawa vilevile, na iliyofuata ikawa mbaya zaidi. Mtu aliyekuja pale akiwa na kifua mbele, ambaye wateja walisimama kumsikiliza, aliketi sasa akifumbafumba macho kama anayepigwa vumbi. Mwishowe akasimama, akajifunga kanga upya kwa hasira.

"Mwalimu, nilikuja kujifunza kusema."

"Kusema ni nusu."

"Basi nusu yangu inanitosha. Wewe umenifundisha nikaona najua, leo umeniketisha chini ukanionyesha sijui kitu. Hiyo ni haki?"

"Ndiyo masomo, Mama Pasi. Sikio ni zito kuliko ulimi. Tukikaa nalo wiki hii nzima, litaanza kufunguka kidogo. Angalau ushike hayo maneno mawili. Sielewi. Sema polepole."

"Nimwambie mtoto wa marehemu mwanangu kwamba simuelewi?" Sauti ilimpasuka. "Amevuka bahari aje kwa bibi yake, aambiwe hivyo? Sentensi si zinatoka kwangu? Si ndivyo ulivyosema? Hiyo haitoki kwangu. Siileti."

Mkalimani aliitazama karatasi ukutani. Angeweza kukaza kamba. Amewahi kukaza kamba kwa mabaharia na kwa madaktari. Lakini huyu alikuwa mwanafunzi wake bora kupita wote, mtaa mzima ulimsifia, na sifa nyingine zilimrukia yeye. Mwenye fotokopi alikuwa tayari ameanza kuwaambia watu kwamba nyuma ya duka lake kuna profesa. Na wiki ilikuwa ndogo, na sikio kwa kweli ni zito. Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya neno *Masikio*, na chini yake akaandika *Maneno ya karibu, tena*.

"Haya," alisema. "Lete sentensi."

Mama Pasi akakaa chini, uso ukarudi rangi yake. "Wewe ni zawadi ambayo baba yako aliniachia," alisema kwa Kiswahili, kisha akaipeleka Kikwao bila kukosea hata mahali pamoja.

Wiki ya mwisho alisema zote bila karatasi, mfululizo, kama mtu anayepanga nguo zilizonyooka. Mkalimani alifumba macho akamsikiliza, akampigia makofi.

*

Walifika mchana. Mkwe alikuwa mrefu, mnyamavu, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Alisema "Shikamoo, mama" kwa ulimi wa kujivuta, akaitikiwa, na hapo Kiswahili chake kikaisha. Nyuma yake alisimama mtoto, amekumbatia mkoba wake kifuani, na Mama Pasi alipomwona alilazimika kushika ukingo wa meza. Kipaji cha uso kilikuwa kilekile cha mwanawe. Hata namna ya kusimama, bega moja juu, ilikuwa ileile.

"Karibu, mrembo kuliko mimi," alisema kwa Kikwao.

Mtoto aliinua uso. Mama yake aligeuka ghafla.

"Mimi ni bibi yako. Njoo nikuone."

Mtoto akaja. Kwanza hatua moja, kisha akakimbia kabisa, akamwangukia tumboni, na Mama Pasi akanusa nywele za mwanawe katika kichwa kile. Mkwe alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, analia. Binti alilia. Hata mteja aliyefuata suruali yake alisimama mlangoni akijipangusa pua, akaondoka bila suruali.

Siku mbili za kwanza zilikuwa sikukuu. Mama Pasi alimwonyesha mtoto wanga unavyokorogwa, akamwachia anyunyize maji juu ya mashuka. Kila kitu alikuwa na sentensi yake. Alimwonyesha chini ya meza, akamwambia baba yake alilala pale kwa ajili ya joto, na mtoto akaingia chini ya meza, akalala hapohapo, magoti kifuani. Mkwe akaandika kitu kwenye simu, akampa wifi yake asome: sikujua kwamba mama anasema lugha yetu, mume wangu hakuwahi kuniambia.

"Nimwambie umejifunza mwezi mmoja tu," binti alisema kwa haraka. "Mama, ngoja nimwandikie kwamba husikii, unasema tu."

"Usiniaibishe," Mama Pasi alimnong'oneza kwa ukali. "Huoni mambo yanavyokwenda? Andika asante."

Binti akaandika asante.

Mtoto alianza kuongea. Mwanzoni alikuwa anajibu kwa kutikisa kichwa, lakini aliyekutana na mtu wa kumsemesha hivi afanyeje? Alimwaga maneno. Mama Pasi alitabasamu, akasema "Ndiyo, ndiyo kabisa," akampapasa, akatoa sentensi iliyokuwa karibu, na mara nyingi mambo yakaenda, maana mtoto akionyesha paka, bibi anaona paka.

Siku ya tatu mkwe na wifi yake walitoka kwenda kutafuta tiketi. Mama Pasi alibaki na mtoto chumbani kwa pasi, amemwekea sahani ya chakula kwenye kiti kirefu, mwenyewe akinyoosha mashuka ya nyumba ya wageni. Mtoto hakula. Alikuwa akizungushazungusha kijiko. Kisha akasema jambo kwa sauti ndogo, refu kidogo, bila kumtazama bibi yake.

Mama Pasi alinasa neno *baba*. Anamuulizia baba yake, alijiambia, anauliza kama kweli alikuwa mwanangu.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo kabisa."

Mtoto akainua macho. Akauliza tena, fupi safari hii, midomo inamtetemeka. Mama Pasi akaona anamtazama yeye, kisha pasi, kisha mashuka. Kumbe anauliza habari za kazi.

"Kazi yangu ni pasi," alisema kwa fahari, sentensi imekaa sawa tangu wiki ya kwanza. "Kazi ni nyingi, sipati nafasi ya kutoka."

Chozi moja lilidondoka kwenye chakula, na Mama Pasi akaliona, akajua ni uchungu wa baba, akauwahi kwa upole wote aliokuwa nao.

"Kula, mwanangu," alisema. "Usibakishe."

Mtoto akala. Alikula chote, kijiko kwa kijiko, akitazama ukuta. Kisha akaomba ruhusa kwa adabu, akatoka, akaenda kukaa kwenye ngazi ya mlango na mkoba wake kifuani, mpaka mama yake aliporudi.

*

Asubuhi iliyofuata mkwe alikuja peke yake kutoka nyumba ya wageni walikofikia. Hakuketi. Alimpa wifi yake simu, akasimama akitazama barabarani, mikono amekunja.

Binti alisoma kimya, kisha akatazama chini.

"Soma kwa sauti," Mama Pasi alisema.

"Mama…"

"Soma."

"Anasema: Mtoto wangu alikuuliza kama ulijua kwamba baba yake anaumwa." Binti akasogeza maandishi. "Anasema ulimjibu ndiyo, ndiyo kabisa. Akakuuliza mbona hukuja. Ukamwambia kazi ya pasi ni nyingi, hupati nafasi ya kutoka. Alipolia, ukamwambia ale asibakishe."

Pasi ilikuwa juu ya shuka. Hakuna aliyeiondoa mpaka harufu ikawafikia.

"Anasema, mimi nilimwambia mtoto siku zote kwamba bibi hakujua. Sasa ananiita mwongo."

"Mwambie!" Mama Pasi alipiga kelele. "Mwambie sikujua! Mwambie sikuelewa hata neno moja!"

Binti akaandika haraka, vidole vinagongana, akampa simu. Mkwe akasoma. Akamtazama Mama Pasi muda mrefu, kama mtu anayepima kitambaa alichouziwa. Kisha akaandika, na binti akasoma: "Ulisema lugha yetu vizuri siku tatu nzima. Ulimsimulia habari za meza. Namna gani ulikuwa huelewi?"

Binti aliandika tena. Mkwe hakubisha. Ilionekana anaamini, au anataka kuamini. Lakini aliandika neno moja la mwisho kabla hajaondoka: yeye anaweza kueleweshwa, ni mtu mzima. Mtoto amesikia kwa masikio yake mwenyewe, kwa mdomo wa bibi mwenyewe, na maneno ya simu atayaona ni ya kumfunika. Wangeondoka kesho.

Mama Pasi alikwenda nyuma ya duka la fotokopi bila viatu. Mkalimani alimsikiliza mpaka mwisho. Mzee alionekana kupungua kwenye kiti chake.

"Ile safu niliifuta mimi," alisema.

"Mimi ndiye niliyekwambia ufute."

"Mwanafunzi husema mengi. Mwenye kalamu nilikuwa mimi."

"Sasa tutabishana nani mjinga zaidi? Nipe sentensi, mwalimu. Nipe haraka."

"Unajua kanuni. Wewe ndiye wa kuleta."

Akasema, "Sikujua kwamba anaumwa. Hakuna aliyeniambia." Akaitafsiri mwenyewe kwanza, kama siku zote. Akakosea. Mkalimani akasahihisha. Akarudia mpaka sauti ikamkauka, na safari hii hakukuwa na kesho ya sentensi kurudi wala siku za kuipumzisha, ilibidi ikae papo hapo au isikae kabisa. Ilikaa. Kisha akasema, "Nipe na yale mawili. Yale niliyoyakataa." Mkalimani akampa, naye akayashika mara moja, maana kumbe yalikuwa mepesi kupita yote.

*

Gari lilikuwa limeshawashwa mlangoni pa nyumba ya wageni, dereva anapakia mizigo. Mtoto alikuwa ameketi kiti cha nyuma, mlango wazi, mkanda umefungwa. Mkwe alisogea pembeni kuwapisha.

Mama Pasi alichuchumaa, magoti yakalia. Akamshika mtoto mkono, na mkono ulikuja bila ubishi, mwepesi, kama nguo iliyotundikwa.

"Sikujua kwamba anaumwa," alisema kwa Kikwao. Kila neno lilikaa mahali pake. "Hakuna aliyeniambia. Juzi sikuelewa ulichoniuliza. Mimi sielewi. Sema polepole, mwanangu, niulize tena."

Alimaliza, akangoja. Alikuwa amefungua masikio kama mtu anayesikiliza maji chini ya ardhi. Angesikia hata neno moja angelishika, angeomba arudie, angekaa hapo barabarani mpaka gari liishiwe mafuta.

Mtoto alimtazama. Lilikuwa jicho la adabu, jicho la mtoto aliyefundishwa kuwaheshimu wazee hata wanaposema uongo. Alitabasamu kidogo, akaupapasa mkono wa bibi yake mara mbili.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo kabisa."

Hilo Mama Pasi alilielewa. Lilikuwa lake mwenyewe. Alilijua mlio wake, na alijua vizuri linatumika wakati gani.

Dereva akafunga mlango. Binti alimshika mama yake bega, wakarudi kwa miguu. Chumbani, shuka la nyumba ya wageni lilikuwa bado mezani, na katikati yake alama ya pasi, ya kahawia, imekaa kama iliyochorwa. Mama Pasi akalikunja ili alama iwe ndani, akawasha pasi, akalichukua linalofuata.

"Mama," binti alisema, "nimwambie Mkalimani aje?"

"Aje kufanya nini?"

"Mwendelee. Watoto husahau. Labda mwakani."

Mama Pasi alinyunyiza maji, mvuke ukapanda ukamfunika uso. "Mwambie aje," alisema. "Lakini safari hii asiniulize sentensi. Mwambie aje aseme yeye tu, mimi ninyamaze."